Mizani ya Stoo ya Michezo

"Tahadhari! Tahadhari! Kwa niaba ya Baraza Kuu la Meza ya Pembeni, lililoketi kwa dharura, inatangazwa kwamba Mheshimiwa Upepo, mkimbiaji wa mbio ndefu na tegemeo la shule nzima, ametoa kwa hiari yake nusu ya maharage, mkate wote na yai zima! Kamati imepekua bweni hadi bweni kumtafuta mhitaji, na imeridhika kwamba mhitaji ni mimi."

"Kaa chini wewe, unatumwagia mchuzi," akasema kiranja wa bwalo.

Aliyetangaza akaketi na kuanza kulamba kidole kilicholowa mchuzi. Shule nzima ilimwita Mtangazaji, na jina lilimkaa kama kofia. Hakuwa mkimbiaji wala mpiga mpira. Mchezo wake ulikuwa mdomo. Upepo, rafiki yake tangu siku walipopangiwa kitanda kimoja cha ghorofa, alikuwa na miaka kumi na minne na miguu isiyojua kuchoka. Yeye alicheka kidogo, akanywa maji, akanywa tena. Maji hujaza tumbo. Alilala chini, Mtangazaji akalala juu, na usiku tumbo la chini lilinguruma hadi la juu likasikia.

Sababu ya ukarimu huo ilikuwa Kocha. Kocha alifundisha hesabu asubuhi na riadha jioni, na aliamini kwamba binadamu ni hesabu inayotembea. Kila Ijumaa aliwapanga wakimbiaji mbele ya stoo ya michezo, kila mmoja anaruka juu ya mizani, anasomwa, anashuka, mwingine anaruka. "Kilo moja ya ziada ni tofali mgongoni," alisema. "Nani anataka kukimbia na tofali?"

Ijumaa ya kwanza kila mkimbiaji alikutwa na uzito wa ziada, na Upepo alikutwa na matofali mawili na nusu. Hakuelewa yametoka wapi. Kocha naye hakuuliza. "Punguza sahani, kijana. Mashindano ya mkoa hayasubiri mtu."

Wenzake waliitikia, wakaendelea kula. Upepo alikuwa mtoto wa kutii. Alipunguza sahani, na Ijumaa iliyofuata akapunguza tena. Mtangazaji akanenepa kwa uzalendo.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Upepo alishinda mbio za majaribio, Kocha akampiga begani, "Unaona? Wepesi!" Lakini baada ya hapo upepo ule ukaanza kutulia. Mbio alizozimaliza akicheka sasa alizimaliza akiwa ameinama, mikono magotini. Alivaa sweta jua likiwaka. Mafua yalimshika, yakamwachia, yakamshika tena. Mtangazaji akimtania, badala ya kujibu utani alifoka, kisha akaomba radhi kwa sauti ndogo, kama mzee.

Na kulikuwa na suala la suruali. Muhula ule wavulana wa darasa lao walirefuka kama waliovutwa na kamba. Suruali ya Mtangazaji ilipanda hadi katikati ya muundi. Wakamwuliza kama anatarajia mafuriko. Suruali ya Upepo ilibaki palepale, ikigusa viatu vizuri kama siku iliponunuliwa. Ni Upepo peke yake aliyeonekana nadhifu, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kisha muundi ukaanza kumuuma. "Maumivu ya mkimbiaji," akasema Kocha, akamfunga bandeji. Siku chache kabla ya mashindano, kwenye kona ya uwanja, Upepo alikanyaga chini kama kawaida, akapiga kelele, akakaa kwenye vumbi. Hakuweza kusimama. Mtangazaji ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwa nesi, na kilichomtisha si kilio. Kilichomtisha ni kwamba mzigo haukuwa na uzito.

Hospitali walipiga picha: ufa mwembamba kwenye mfupa, si wa kuanguka wala wa teke, ni wa mfupa uliochoka. Upepo akarudishwa kulala chumba cha wagonjwa cha shule, magongo mawili ukutani. Mama yake akaja, mkoba bado begani. Kocha akasimama mlangoni. Mtangazaji alikuwa amekuja na nguo safi za mwenzake, akajibanza kando ya kabati.

"Mwili wa umri huu una kazi mbili, mama," nesi alikuwa akisema. "Kukua, na kucheza anavyocheza. Zote zinataka chakula, tena kuliko mtu mzima wa ofisini. Kikipungua, mwili unaanza kubana matumizi. Moyo upige, mapafu yapumue. Urefu utangoja. Mifupa itangoja. Hata kubalehe kutangoja." Akaonyesha alama za penseli kwenye fremu ya mlango, pale alipowapimia watoto urefu. "Mwanao hajapanda tangu mwaka jana. Hata unywele."

"Akianza kula atapanda?" mama akauliza.

"Huenda akafidia. Akianza sasa, ana nafasi nzuri. Lakini huu ndio umri wa kujenga mifupa ya maisha yake yote, na siwezi kukuahidi kwamba kilichopotea kitarudi chote. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Mama akaketi kwenye ukingo wa kitanda taratibu, kama aliyeambiwa msiba.

"Lakini hakuwa mwembamba hivyo!" Kocha akasema. "Nimempima Ijumaa mwenyewe. Arobaini na mbili na nusu."

"Hapa kwangu ni arobaini."

"Basi yako ni mbovu, dada."

Nesi hakubishana. Alimtuma mtu stoo, mizani ya Kocha ikaletwa, ikawekwa sakafuni, haina mtu juu yake. Mshale ukatulia mbele ya sifuri. Kilo mbili na nusu za hewa.

"Mwalimu wa hesabu," nesi akasema polepole, "hujawahi kuitazama ikiwa tupu?"

Kocha akainama kuutazama mshale. Wavulana walikuwa wakiirukia kwa foleni, mmoja akishuka mwingine anapanda. Haikuwahi kuwa tupu.

"Na hata ingekuwa sahihi," nesi akaendelea, "kijana anayekua anatakiwa aongezeke. Ungemwambia apungue, ungemwumiza vilevile."

"Wakimbiaji wakubwa wote ni wembamba," Kocha akasema, lakini sauti haikuwa na mwenyewe.

"Hao wamemaliza kukua. Huyu alikuwa njiani."

Nesi akaigeuza mizani. Chini kulikuwa na kigurudumu kidogo cha kurekebishia. "Hiki hakijizungushi."

Mama akageuka, macho yakamkuta Mtangazaji kando ya kabati. "Mwanangu, wewe ndiwe unayekaa naye mezani. Niambie. Alikuwa anakula?"

Mtangazaji alisimama wima. Kwa mazoea ya ulimi, maneno makubwa yakaja yenyewe: "Kwa heshima na taadhima, mama, napenda kukufahamisha..." Yakaishia hapo. Alitafuta utani mahali pote alipokuwa akiuweka, akakuta patupu.

"Hakula," akasema. "Nilikula mimi. Alikuwa ananipa, na mimi nilikuwa nafurahi."

Mama akauteremsha mkoba begani.

"Na kigurudumu ni mimi. Nilitaka kumtania kiranja wa bweni, anajisifia tumbo lake. Alijipima, akashtuka, akaenda kuzunguka uwanja, nikacheka mpaka nikalia. Sikukirudisha."

"Ulisahau," nesi akasema, karibu kama anamsaidia.

Ingekuwa rahisi kuitikia.

"Sikusahau. Ijumaa ile ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la stoo. Nilimwona anapanda. Nilijua ni zangu zile kilo. Nikaogopa kufukuzwa. Halafu akanipa yai."

Kitandani, Upepo alikuwa amegeukia ukuta. Hakugeuka. Shuka lilipanda na kushuka mgongoni mwake, na mifupa ilihesabika.

"Kila Ijumaa ulikuwepo?" akauuliza ukuta.

"Kila Ijumaa," akasema Mtangazaji.