Cheo Ambacho Hapa Hakipo

Kazi niliyoifanya ng'ambo kwa miaka tisa nilikuwa naijua hata nikiwa nimefumba macho. Niliporudi nyumbani nikagundua kwamba sijui kuisema.

Nilijaribu. Wasifu wangu wa kazi niliuleta kama ulivyokuwa kule: fundi sanifu wa utakasaji, kisha kiongozi wa zamu kwa miaka sita. Hospitali ya kwanza waliniambia fundi wa mitambo wanaye. Ya pili, kijana wa mapokezi alisoma, akanitazama kichwani hadi miguuni, akaniuliza kama naweza kupiga deki ghorofa mbili. Nyingine hazikujibu kabisa. Maji yalikuwa yameshanifika shingoni. Wakala wa ajira wa kule alikuwa ameniandikia kwamba nafasi yangu wanaishikilia hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo wanampa mtu mwingine. Na binti yangu, niliyemwachia dada yangu akiwa bado anang'oka meno ya utoto, kila akiniona naandika ujumbe kwenye simu ananiuliza, "Unaondoka lini tena?" Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua chakula kitaiva saa ngapi, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Sikutaka kuondoka. Nilitaka kazi, kazi yangu, nikae na mwanangu.

Basi nikaenda kwa binamu yangu. Ana kibanda cha kupiga chapa na kutoa kopi karibu na mahakama, na watu humpelekea maombi ya kazi kwa sababu ana kalamu tamu. Alisoma karatasi yangu mpaka mwisho, akacheka kwa pua.

"Dada yangu, hii umeandikia wazungu wenzako. Hapa nani anaelewa 'utakasaji'? Hebu nieleze, ulikuwa unafanya nini asubuhi ukiingia?"

Nikamweleza. Vifaa vya upasuaji vinaletwa vikiwa na damu. Vinaoshwa kwenye mashine, vinakaguliwa kimoja kimoja kwa kioo cha kukuzia, vinapangwa kwenye seti, vinafungwa, vinaingia kwenye mashine ya mvuke mkali. Lakini kabla ya mzigo wa kwanza wa siku mashine inapimwa kwa karatasi maalumu, kuona kama mvuke unapenya kila mahali. Mzigo ukitoka, kiongozi wa zamu anasoma kumbukumbu ya mashine, joto na muda, akiridhika anasaini. Bila saini yake hakuna kisu kinachomfikia mgonjwa. Na kila seti ina namba yake, ili kesho na keshokutwa ijulikane ilitumika kwa nani.

"Kumbe! Na hapa mashine hiyo iko chini ya nani?"

"Chini ya sista mkuu wa chumba cha upasuaji."

"Basi wewe ni yeye." Vidole vyake tayari vilikuwa kwenye kibodi. "Msimamizi wa Chumba cha Upasuaji, miaka sita. Ona lilivyokaa!"

"Futa."

"Nimetafsiri tu!"

"Umenivika kilemba cha ukoka. Sijawahi kuingia chumba cha upasuaji mtu akiwa mezani. Mimi si muuguzi. Kule ile ni fani yake yenyewe, ina masomo yake na mitihani yake."

"Hapa haina, na wewe uko hapa." Akaacha mzaha. "Nisikilize. Hawa watu wana dakika moja na karatasi yako. Wakikuta cheo wanachokijua, wanakuita. Wakikuta kisichoeleweka, unaishia kwenye sakafu yao na dekio. Sasa chagua."

Nitasema ukweli, nilitamani. Nilikaa pale nikilitazama lile jina kubwa kwenye kioo cha kompyuta, nikamwona binti yangu akiniuliza naondoka lini, na nikafikiri nani atajua. Halafu nikafikiri siku nitakayoitwa nikasimamie wauguzi wenye leseni, mgonjwa amelala, na wote wananitazama mimi.

"Futa," nikasema tena, na safari hii nilipandisha sauti hadi mteja wa mlangoni akageuka.

Tukaanza upya. Cheo cha kule tukakiacha kama kilivyo, maana watu wakiuliza kule watatajiwa hicho hicho. Chini yake tukaweka mstari wa kukifafanua: kazi hii hapa hufanywa na wauguzi wa chumba cha upasuaji, kule ni fani inayojitegemea. Tukaandika niliwaongoza watu wangapi, kwa siku tulitoa seti ngapi, na kwamba niliruhusiwa kusaini mizigo itoke. Cheti changu kilikwisha kupelekwa kwa mamlaka ya kulinganisha vyeti, wakakipa ngazi inayolingana na astashahada ya hapa. Tukakiandika kwa ngazi hiyo, wala hatukupandisha hata nusu. Mwisho nikamwambia aongeze: sina leseni ya uuguzi.

"Sentensi hiyo itakuzika," binamu akasema.

"Iandike."

Akaiandika, akaipunguza ukubwa wa herufi kisirisiri. Nikamwona, akairudisha.

Nikapigiwa simu. Ilikuwa hospitali binafsi, si kubwa, imejengwa karibuni, bado inanuka rangi. Nilikaa mbele ya watu wawili: matroni, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na afisa utumishi, kijana mtanashati aliyepanga kalamu zake kwa ukubwa. Matroni aliniuliza maswali ya kazi, tukaelewana mara moja kama watu waliokula chungu kimoja. Aliniuliza ningefanya nini nikikuta fungu la vifaa limetoka kwenye mashine likiwa na unyevu. Nikamwambia halimfikii mgonjwa, linarudi mwanzo, hata daktari akipiga kelele mlangoni. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaandika kitu.

Kisha afisa utumishi akainua barua moja kwa ncha za vidole.

"Hii ndiyo barua ya mwajiri wako?"

"Ndiyo."

Akaisoma kwa sauti. Inathibitishwa kwamba niliajiriwa pale kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, cheo cha mwisho kiongozi wa zamu, kitengo cha utakasaji. Kwa mujibu wa sera, hospitali haitoi maelezo zaidi.

"Miaka tisa," akasema. "Hawakuweza kuandika hata neno moja zuri? Mchapakazi, mwaminifu, chochote? Mimi mtu akiondoka hapa hata kama alikuwa mvivu namwandikia mistari miwili. Uliwakosea nini?"

Hilo sikulifikiria kabisa, wala binamu na kalamu yake tamu hakulifikiria. Kule kila mtu hupewa barua ya namna hiyo, bora na mbovu, kwa sababu mwajiri anaogopa kushitakiwa kwa neno lolote la ziada. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba nilisahau inavyosomeka hapa. Hapa, barua isiyo na sifa ni barua ya mtu aliyefukuzwa.

Nikaeleza. Nilijisikia nikieleza sana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo. Kijana akafunga faili.

"Tutakujulisha," akasema.

"Subiri." Matroni akavaa miwani. "Namba ya simu ipo hapo chini. Tupige."

Tulipiga, sauti ikiwa imefunguliwa. Aliyepokea ni aliyekuwa mkuu wangu wa kitengo, mwanamke niliyekula naye chakula cha mchana miaka yote hiyo. Afisa utumishi akamuuliza kama nilikuwa mfanyakazi mzuri. Akajibu, kwa ile sauti yake ya ofisini, kwamba sera haimruhusu kusema. Akamuuliza kama angeniajiri tena. Jibu lilikuwa lile lile. Kijana akanitazama kama anayesema, unaona? Nilitamani kuinyakua simu na kumpigia kelele yule mama, nisemee tu kitu kimoja, nakuomba, mwanangu yuko hapa.

Matroni akaisogeza simu kwake.

"Mimi siulizi tabia," akasema. "Naulizia majukumu ya cheo. Kiongozi wa zamu, kwenu, anasaini mzigo utoke?"

"Ndiyo. Hilo ni jukumu la cheo."

"Anaidhinishwa mara moja tu?"

"Hapana. Anapimwa kila mwaka. Asipofaulu anaondolewa saini."

"Na huyu aliondolewa lini?"

Tukasikia vidole vikigonga kibodi. "Kumbukumbu zetu hazionyeshi kwamba aliwahi kuondolewa."

Matroni akashukuru, akakata simu, akamgeukia mwenzake. "Umeisikia barua yako ya sifa? Kila mwaka wamempa roho za watu ashike."

Nililia. Sikupanga, na mbele ya mtu ambaye kalamu zake zimenyooka vile ni aibu, lakini nililia.

Afisa utumishi hakuwa mtu mbaya. Alifungua kompyuta, akahangaika, akahangaika tena. Muundo wa vyeo vya hospitali ulikuwa na msimamizi, sharti leseni ya uuguzi. Ulikuwa na muuguzi, sharti hilo hilo. Kwa mtu wa chumba cha upasuaji asiye muuguzi, mfumo ulikuwa na kisanduku kimoja tu: mhudumu. Mshahara wake ulikuwa ule ule wa wapiga deki.

"Nitaandika kwa bodi wafungue cheo," matroni akasema. "Siahidi kwamba watakubali. Kazi utakayofanya naijua mimi na wewe. Karatasi itasema mhudumu."

Nikasaini. Sitajipiga kifua kwamba nilikuwa na amani.

Nyumbani nilimkuta binti yangu sebuleni na daftari lake la hesabu, dada yangu yuko jikoni. Nikamwambia nimepata kazi.

"Kama ile ya kule?"

"Kazi ni ile ile. Cheo kimeshuka. Wananiita mhudumu."

Akaweka kalamu chini. "Kule ulikuwa mkubwa. Kwa nini umekubali?"

Sikujibu haraka, na mtoto wa miaka kumi na minne si mjinga.

"Kwa sababu yangu?" Macho yakamjaa maji, kumbe ni hasira. "Usinibebeshe mimi. Kesho ukichoka utasema, 'Niliacha ukubwa wangu kwa ajili yako.' Ulipoondoka pia mlisema ni kwa ajili yangu."

Alikuwa amesema kweli, na iliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikakaa sakafuni karibu na kiti chake.

"Basi si kwa ajili yako," nikasema. "Ni kwa ajili yangu mimi. Nimekukosa, nimechoka kukukosa, na huko sitaki kurudi hata wanifanye mkurugenzi. Wewe huna deni lolote."

Akaanza kuchora mistari pembeni mwa hesabu zake.

"Unaanza lini?"

"Kesho. Natoka hapa kabla jua halijachomoza, mashine inapimwa mapema."

"Na jioni?"

"Jioni narudi."

Akanitazama usoni kwa muda mrefu, akinikagua.

"Jioni unarudi hapa?" akauliza tena.

"Hapa," nikamwambia. "Jioni narudi hapa."