Neno la Kuitikia kwa Kichwa

Mwajabu alifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyeandika "imeili" kwenye insha akaikwepa kalamu yake nyekundu. "Barua pepe," aliandika pembeni, kisha akapiga mstari mara mbili. Kwa hiyo alipolikuta neno la Kiingereza, email, katika kitabu cha Kihispania alichokuwa akikitafsiri, hakusita hata kidogo. Aliandika barua pepe, akafungua ukurasa uliofuata.

Kihispania chenyewe alikianza uzeeni, baada ya kustaafu. Sista Edina, aliyeishi Uhispania miaka kumi na minne, alikifundisha jioni tatu kwa wiki katika ukumbi wa parokia mjini Dodoma. Mwajabu alikuwa Mwislamu peke yake darasani. Magharibi ikiingia, Sista alimfungulia stoo ya viti, naye akaswali humo katikati ya viti vilivyopandana hadi darini, akimwomba Mola asimwache afe na hamu ya kujua.

Mwaka wa tatu Sista alimpa kitabu chembamba. Aliyekiandika ni mama mmoja wa kijiji cha milimani, Remedios, muuza mikate, ambaye hakuandika kingine kabla wala baada. Mwanawe wa pekee alikwenda kufanya kazi Madrid, akaanza kurudi nyumbani na maneno ya Kiingereza mdomoni. Mwaka 1998, kwenye simu ya mwisho, alimwambia mama yake: nitakutumia email, mama. Alikuwa amemfungulia sanduku la ujumbe kwenye kompyuta ya maktaba ya wilaya, akamwachia karatasi yenye anwani. Remedios hakulijua neno lile. Aliona haya kuuliza. Karatasi akaichomeka nyuma ya picha ya Bikira Maria, akasubiri kitu asichokijua kitakujaje. Kijana akafa kwa ajali ya barabarani. Baada ya mazishi, mpwa wa Remedios, Pilar, alikwenda maktaba, akakuta jumbe kumi na moja hazijafunguliwa, na ule wa mwisho unauliza: mama, mbona hunijibu, nimekukosea nini?

Mwajabu alipofika hapo mara ya kwanza aliweka kalamu chini, akaenda kutawadha.

Sasa Remedios alikuwa na miaka themanini na minne, mgonjwa wa kitandani. Pilar ndiye aliyemwandikia barua zake. Remedios alitoa ruhusa ya tafsiri kwa furaha, akaomba jambo moja: akishike kitabu kabla hajaondoka duniani. Kwa Kihispania, alisema, hajaweza kukifungua tena tangu akiandike. Huenda katika lugha asiyoijua angeweza kukitazama.

Mchapishaji alikuwa Ulimboka, mwenye ofisi ya vyumba viwili mtaani Nkuhungu. Alikuwa na desturi yake. Hakuchapa kitabu chochote kabla sura ya mwisho haijasomwa kwa sauti mbele ya watu kumi na wawili wasiokijua, makarani, wanafunzi, wauza duka wa jirani. Msomaji anasoma, yeye anakaa nyuma amefumba macho na penseli mkononi. "Sisikilizi kitabu, Mwalimu," alimwambia Mwajabu. "Nasikiliza watu."

Jumamosi moja, katika ukumbi wa jirani na ofisi, Mwajabu alisoma kwa sauti yake ya darasani. Akafika kwenye simu ya mwisho. Nitakutumia barua pepe, mama. Akasoma jinsi Remedios alivyokaa mlangoni kila asubuhi akimtazama mtu wa posta apite.

Ukumbi ukacheka.

Kilianza kicheko kimoja, cha karani aitwaye Brighton, kisha wote. "Huyu bibi kiboko," Brighton alisema. "Barua pepe anaisubiri kwa baiskeli." Wakacheka tena, bila ubaya, kama watu wanavyomcheka shangazi yao. Mwajabu aliendelea kusoma hadi ujumbe wa kumi na moja, lakini walikuwa wameshaamua hadithi hii ni ya namna gani, na hata kifo chenyewe kiliwapitia wakiwa bado wanafuta machozi ya kicheko.

Ulimboka alifumbua macho, uso umemnawiri. Alisema kitabu kimekubaliwa. Alitaka kukitangaza kama kitabu cha vichekesho vya kizee, na jaladani achorwe bibi na mtu wa posta. Mwezi mmoja tu, kitakuwa tayari.

Mwajabu aliomba wiki mbili za kurekebisha.

Kwa Sista Edina alikwenda na daftari lote la maneno ya Kiingereza yaliyomo kitabuni. Lile la parking, mahali alipofanya kazi yule kijana, halikuwasumbua. Sista alieleza kwamba Wahispania walilichukua zamani, hata mzee wa kijijini alikuwa akilijua, hivyo maegesho au pakingi, lolote halimdhuru mtu. "Neno la mkopo lina umri," alisema. "Uliza kwanza limekaa siku ngapi katika nyumba." Email mwaka ule lilikuwa na siku mbili tatu tu. Wakubwa wa lugha huko walitaka watu waseme correo electrónico, na kijana angesema hivyo, mama angepata pa kushika, maana correo ni posta. Lakini alisema email, na kwa mama yake ilikuwa sauti tupu.

Hapo Mwajabu akaona alichokifanya. Neno lake safi la kamusi lilikuwa na barua ndani yake. Alikuwa amempa Remedios nusu ya maana, na mtu mwenye nusu ya maana akikosea, watu humcheka. Asiye na kitu huhurumiwa.

"Basi tuliache neno lilivyo," alisema. "Tuandike imeili."

 Sista akamkumbusha kwamba imeili Dodoma si sauti tupu. Kila karani anayo, kila mwanafunzi. Watamshangaa mama asiyeijua. Walijaribu njia nyingine, kulizunguka neno, kulilaza kwa herufi za italiki kama wanavyofanya Wahispania na maneno ya kigeni, kuweka maelezo chini ya ukurasa. Herufi iliyolala haisikiki, na maelezo hayalii. Mwajabu akafikiria hata kumvika kijana neno jipya la kamusi ambalo watu hawajalizoea, lakini hapo kijana angegeuka mpenzi wa lugha ya mama yake, na hakuwa hivyo. Kila mlango walioufungua ulikuwa na ukuta nyuma yake.

Siku ya tano alipanda basi kwenda kijijini Busi, kwa dada yake Hamida, mkubwa wake kwa miaka kumi na mitano, aliyemlea na kumsomesha kwa jembe. Alitaka sikio lisilo na imeili.

Baada ya shikamoo na habari za mvua iliyokataa, alimsomea. Hamida alisikiliza akichambua kunde. Neno lilipofika, imeili, aliitikia kwa kichwa. Hakucheka. Kwenye ujumbe wa mwisho mikono ilisimama juu ya ungo, akasema taratibu, "Maskini, kumbe mtoto alikuwa anaita."

Moyo wa Mwajabu ulinyanyuka. Akauliza, "Dada, imeili unaijua ni nini?"

"Sijui."

"Mbona uliitikia kwa kichwa?"

Hamida alitabasamu kidogo. "Si ndivyo ninavyokuitikia siku zote? Wewe unakuja jua limepanda, unaondoka halijashuka. Nikikuuliza kila neno, utasema nini? Utasema dada amekuwa mzigo."

Mwajabu alicheka, kisha kicheko kikamfia. Alimtazama dada yake usoni kama hajamtazama siku nyingi. Jicho la kushoto, ndilo pekee lililokuwa likiona, lilikuwa limetanda weupe.

Akamuuliza juu ya Mvumi. Mwaka uliopita zahanati ilimwandikia Hamida karatasi ya kwenda hospitali ya Mvumi kutibiwa jicho. Mwajabu alitumiwa picha yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyempigia dada simu kumsomea. Umepewa rufaa, dada, alimwambia, usiipoteze. Hamida alijibu ndiyo, sawasawa. Na Mwajabu hakuuliza tena, kwa sababu kazi ya tafsiri ilikuwa imeanza.

Hamida aliinuka, akaingia ndani, akarudi na karatasi ile imekunjwa ndani ya kitambaa cha kanga. Haikuwa na doa. "Sijaipoteza," alisema. "Nilidhani ni cheti, kwamba wameniona na yamekwisha."

Mwajabu aliacha maneno yote, ya kamusi na ya mkopo. Alimweleza sasa, pole pole, kwa maneno ya jikoni: uende, wakutazame, wakupasue jicho. Hamida akaitikia kwa kichwa. Mwajabu akamwomba asiitikie, aulize. Hamida akauliza kama bado inawezekana. Wiki ileile alimpeleka Mvumi, na huko daktari akasema kwa upole kwamba ukungu ule ungeondolewa, lakini nyuma yake mshipa wa kuonea umekwisha kufa. Mwaka mmoja mapema, alisema, kisha hakumaliza.

Mwajabu akarudi Nkuhungu akiwa ameandika imeili, kama alivyomsomea dada yake, basi, bila maelezo. Ulimboka aliwaita wasikilizaji wapya. Safari hii hakuna aliyecheka. Walitazamana. Nasra, mwanafunzi wa chuo, aliuliza kwa adabu kama mama huyo hakuwa na simu, na kwa nini hakumwomba mtu amfungulie. Waliobaki walingoja sura iishe.

Ulimboka hakuwa mtu mbaya. Alimkalisha Mwajabu, akamwambia anaelewa, lakini kitabu kinachowaacha watu wakiulizana hawezi kukichapa. Kile cha kwanza angekichapa kesho. "Na mgonjwa wako hajui Kiswahili, Mwalimu. Atashika kitabu chake. Atajuaje kama huku wanacheka?"

Siku hiyohiyo Pilar alikuwa ameandika kwamba shangazi hali chakula tena, na anauliza kitabu.

Mwajabu aliswali Adhuhuri katika chumba cha karatasi cha Ulimboka. Alikaa sana katika sijida. Aliomba aonyeshwe njia, na hakuonyeshwa. Alimwona Remedios amekiweka kitabu kifuani, ameridhika, na hapohapo akasikia ukumbi mzima ukimcheka. Alipoinuka alichukua mswada, akamshukuru Ulimboka, akamwambia hapana.

Kisha akamwandikia Pilar, kwa Kihispania chake cha darasa la jioni, akitafuta kila neno. Alisema kitabu hakitachapwa. Alisema kosa ni la kwake, kwamba kuna neno moja ambalo hakuweza kulivusha. Akaomba shangazi aelezwe kwa upole, na kama ana swali aulize, atajibu lolote.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Remedios alikuwa amefariki, amekwisha kuzikwa. Pilar aliandika kwamba alimsomea barua ile yote siku moja kabla hajafa, akiwa bado na fahamu zake. Hakuuliza kitu. Aliitikia tu kwa kichwa.

Mwajabu alisoma mstari huo mara nyingi. Chumba cha pili Hamida alikuwa akipapasa ukuta kuelekea mlangoni, maana sasa alikaa naye. Adhana ya Alasiri ilianza. Mwajabu alitandika mkeka, akanyanyua mikono.