Vidonge vya Nyamizi

Nyamizi aliweka chini furushi la pamba, akashika nguzo ya banda na kusema nyumba inazunguka. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwa hiyo mwanae Luhende hakushtuka mara moja. Alishtuka alipoona mama yake haiachii ile nguzo.

"Mayu, kaa."

Akamkalisha kwenye kigoda, akaingia ndani kuchukua mashine ya kupimia presha. Mashine ile aliinunua Bariadi mjini siku mama yake alipoandikiwa dawa za kumeza kila siku, maisha yote. Tangu hapo, kila mwezi Luhende ndiye alikwenda kuchukua dawa kwa kadi ya mama, na kila jioni alimwuliza kama amemeza. Kila jioni alijibiwa ndiyo.

Alimfunga ile bendi juu ya sweta, haraka haraka, huku mama akieleza jinsi kichwa kinavyomwenda na baba mdogo Ndalahwa akiuliza toka uani kuna nini. Namba zikatokea: mia mbili na moja kwa mia moja na kumi na sita.

Ndalahwa akaja akazisoma. Huyu ndiye aliyemlea Luhende baba yake alipokufa. Ndiye kamanda wa sungusungu wa kijiji, mtu ambaye wezi wa ng'ombe wakisikia jina lake wanahamia wilaya nyingine. Bajaji ambayo Luhende alikuwa anaendesha mjini ilikuwa yake pia, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake mpaka aamue. Luhende alimwamini kama anavyoiamini ardhi anayoikanyaga.

"Mashine za dukani hizo," alisema Ndalahwa. "Mpe vidonge viwili alale. Ni jua tu."

Asubuhi ya Juni, watu wamevaa masweta, halafu jua.  Luhende alimpigia simu Lukresia, mhudumu wa afya wa kijiji chao, ambaye wiki hiyo alikuwa Binza, Maswa, kwenye semina. Akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

Lukresia alimwuliza amepimaje. Alipoelezwa akaguna. Alisema kipimo kile hakiaminiki: juu ya sweta, mtu ametoka kubeba mzigo, anaongea, kakaa kwenye kigoda magoti yamefika kifuani. Ndalahwa akacheka. Si mmesikia wenyewe, akasema.

"Sijasema ni mzima, kamanda," Lukresia akamkata. "Nimesema tupime vizuri. Kwanza mama, kifua kinabana? Pumzi? Macho yanaona? Kichwa kinauma sana kuliko siku zote?"

Nyamizi alikataa yote. Kizunguzungu tu. Akaambiwa ainue mikono yote miwili, akainua sawasawa. Lukresia akasema basi wana dakika tano za kupima vizuri, ila mojawapo ya hayo ikitokea, waache mashine wakimbie hospitali.

Luhende alimpeleka mama chooni kwanza akiwa amemshika, kama alivyoambiwa, maana kibofu kilichojaa nacho kinapandisha presha. Akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini, asikunje nne. Akamvua sweta mkono mmoja, akauweka mkono huo mezani usawa wa moyo. Kisha kimya dakika tano. Ndalahwa alishindwa kukaa kimya. Alianza habari za ng'ombe, mara bei ya choroko, mpaka Luhende akamwomba atoke.

Mia moja themanini na nane kwa mia moja ishirini na mbili. Akasubiri dakika moja, akapima tena. Mia moja themanini na sita kwa mia moja ishirini na moja.

Akamsomea Lukresia namba zote.

"Hiyo sasa ni ya kweli," Lukresia alisema. "Bila dalili yoyote ningesema aonwe leo hii hii, asingoje kesho. Lakini ana kizunguzungu. Mpeleke hospitali sasa. Na usimwongeze vidonge, presha ikiporomoka ghafla nayo inaua. Leo amemeza?"

Luhende alikwenda kuchukua pakiti ndani ya sanduku la mama. Aliichukua duka la dawa tarehe tatu, vidonge thelathini. Leo tarehe ishirini na mbili. Pakiti ilikuwa karatasi tupu. Akapekua sanduku lote, akatoka na ile karatasi mkononi.

"Mayu, dawa ziko wapi?"

Nyamizi alitazama mlangoni, aliposimama shemeji yake.

"Zimeisha siku ya nne leo," alisema. "Tulikuwa tunameza wawili."

Ikatoka yote, kwa maneno machache. Kamanda alipimwa Nyashimo mwaka jana, akaambiwa ana presha. Akakataa kupanga foleni na kadi mkononi mbele ya watu anaowaamuru. Akaja kwa shemeji yake, akamwambia wagawane, mbona chakula tunagawana. Na Nyamizi, mjane aliyetunzwa na mtu huyo, yeye na mtoto wake, angemnyima kwa mdomo gani? Ikawa kila mwezi dawa zinaisha katikati, halafu wote wawili wanakaa bila.

"Kwa hiyo wewe unajua," Luhende alimwambia Ndalahwa. "Unajua hajameza siku nne. Na unaniambia nimpe viwili, viwili gani?"

"Wewe mtoto, punguza sauti. Tukifika kule watauliza, watu watajua. Asubiri mpaka jioni, nitamtafutia dawa mahali. Bajaji ni yangu, haitoki."

Wakati anasema hivyo, Nyamizi alitaka kuongea. Neno lilitoka limelegea kama la mlevi. Pembe moja ya mdomo ilishuka. Luhende akamwambia ainue mikono, kwa namna ile ile ya mwanzo. Wa kushoto ukapanda nusu, ukaanguka juu ya paja.

"Lukresia, mdomo umeenda upande."

"Hicho ni kiharusi. Usipime tena. Usimpe chakula, maji wala dawa. Saa ngapi sasa?"

"Tatu na dakika ishirini."

"Ishike hiyo saa, madaktari wataiuliza. Ondokeni. Nawapigia mapokezi."

Luhende alimsogelea Ndalahwa, akatia mkono kwenye mfuko wa shati la mzee aliyemlea. Kwa Wasukuma jambo hilo halifanyiki. Akatoa ufunguo. Ndalahwa hakuuzuia mkono. Alisimama tu, na alipoona Luhende anahangaika kumbeba mama peke yake, akashika miguu, akapanda nyuma, akamwegemeza kifuani njia nzima.

Hospitalini walimpokea kwa kitanda cha magurudumu. Daktari, mama mmoja mwenye haraka, aliuliza ilianza saa ngapi, akajibiwa. Akaeleza kwamba watampiga picha ya kichwa kwanza, na kwamba presha hawataiangusha kwa pupa. Halafu akauliza dawa anameza kila siku?

Nyamizi akamshika mwanae mkono kwa ule mkono mzima. Kwa ulimi mzito akasema, "Usimtaje."

Hapo ndipo ilipomuuma Luhende. Mwaka mzima alimwuliza kila jioni, na kila jioni mama alimtazama machoni akamdanganya. Kamanda alimwibia mama dawa. Mama alimwibia yeye jibu.

"Hamezi kila siku," Luhende alimwambia daktari. "Siku nne hajagusa. Alikuwa anagawana na shemeji yake, Ndalahwa, yuko hapo nje. Naye ana presha, na hana kadi."

Mama akauachia mkono wake.

Nje, Ndalahwa alikuwa kwenye benchi, kofia magotini. Aliuliza kama wamesema atapona. Luhende akasema hawajui bado.

"Umenitaja?"

"Nimekutaja. Nesi anakuja kukupima. Vua koti, weka miguu chini, na usiongee."

Kisha akakaa benchi la pili, mbali naye, akitazama mlango alikoingizwa mama yake.