Ukuta wa Mama Mkwe

Mama mkwe haoni, lakini usithubutu kumwonea huruma. Atakuuliza wewe mwenye macho umeona nini cha maana leo. Aliposikia tunakarabati nyumba tukiwa humohumo, alitoa sharti moja: siku atakayoshikwa mkono kupelekwa chooni, anahamia kwa binti yake. Na yeye hatanii. Sikutaka aondoke. Tumegombana miaka yote, na bila yeye nyumba hii ingeshanishinda.

Fundi mkuu alipanga kazi kwa awamu. Kwanza stoo ya nyuma igeuzwe choo. Mpaka maji yapite na mabomba yajaribiwe, choo cha zamani hakiguswi. Ndipo wavunje jiko na choo hicho, nasi tupikie sebuleni. Awamu ya kwanza haikutusumbua. Mama alijifunza njia mpya akipapasa ukuta wa kushoto: mlango wa jiko, swichi, kona, choo. Alitamba wiki nzima.

Asubuhi ya awamu ya pili, fundi alisimamisha fremu koridoni na kutundika nailoni kutoka darini hadi sakafuni, vumbi lisitufikie. Mafundi wakawa wanaingilia uani. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Saa nne kikombe cha mama kilirudi kimejaa. Mchana pia.

"Mama, chai haijakolea?"

"Sina kiu."

Yeye! Mtu ambaye birika humwomba poo!

Alasiri nikamkuta koridoni, kiganja kimezama kwenye nailoni. Ukuta wake ulikuwa umebaki upande wa mafundi. Kulia tulikuwa tumerundika makabati ya jikoni. Mkono wangu ulishanyooka kumshika; nikaurudisha. Akageuka taratibu, akarudi kuketi, midomo kaibana. Roho iliniuma, nikaenda kumvaa fundi.

"Toa nailoni yako!"

"Mama, ukuta huo tunauchimba kupitisha nyaya. Nikiitoa, mtakula vumbi na wali."

"Basi ukuta usubiri, mfanye jiko kwanza."

"Nyaya zinatangulia plasta. Tukisubiri, mtapikia sebuleni mpaka mchoke." Akajikuna kichwa. "Mkono wake unafika wapi?"

Nikamwonyesha, kiunoni, nikamtajia na swichi anayoipapasa njiani. Akapiga mbao ndefu kwenye fremu, upande wetu wa nailoni, kutoka sebuleni hadi kona. Pale ilipokuwa swichi akaongeza kipande kidogo. Kisha akaipiga msasa mbao yote.

"Kelele za nini tena?" mama akauliza.

"Fundi anaongeza mbao, nailoni isipepee," nikasema.

Akainuka, akaenda. Nilisikia kiganja kikiteleza, kikasita kwenye kile kipande, kikaendelea. Mlango wa choo ukafungwa. Nilibana pumzi mpaka maji yalipomwagika.

Aliporudi aliketi, akatengeneza mtandio wake.

"Mbao ya kushikilia nailoni haipigwi msasa," akasema.

Nikachukua kikombe chake.

"Nasubiri chai, mwanangu. Na safari hii jaza."