Mdhamini wa Fundi wa Lifti

Fundi wa lifti alimkuta mama yake mdogo dukani kwake, anabadilisha zipu ya sketi ya shule. Alisubiri mteja aondoke, kisha akaweka barua juu ya meza ya cherehani.

"Nimepata kazi. Hospitali, kule aliko mke wangu na mtoto."

"Sasa mbona uso kama umefiwa?"

"Soma, mama."

Barua ilikuwa fupi. Anaacha kazi, anatoa notisi ya miezi miwili, anashukuru. Halafu: "Nakiri kwamba nadaiwa gharama zote za mafunzo, nami nitazilipa kabla ya kuondoka."

Mama mdogo akavua miwani. "Zote? Utalipa kwa nini, kwa meno?"

"Nitajua."

"Utajua wewe. Na mimi niliyetia saini chini yako?"

Kampuni ilikuwa imempeleka kiwandani miezi mitano kujifunza lifti mpya. Kabla ya safari alisaini mkataba kwamba akirudi atatumikia miaka mitatu, na mama mdogo akasaini kama mdhamini. Muda wote aliotafuta kazi nyingine hakumwambia neno.

"Ukishindwa kulipa, wanakuja hapa. Ulikuwa unipe habari lini? Wakishabeba cherehani?"

Fundi aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka.

"Mkataba unao? Soma kifungu cha kuondoka. Kwa sauti, mimi macho yamechoka."

Alisoma. Akiondoka mapema, atarudisha gharama zilizothibitishwa kwa stakabadhi, kwa kiasi cha miezi aliyobakiza tu. Notisi ikiisha atakuwa ametumikia miaka miwili kamili.

"Imebaki theluthi," alisema mama mdogo. "Na hizo stakabadhi umewahi kuziona?"

"Sijawahi."

"Kwa hiyo unakiri deni usilolijua, tena kubwa kuliko unalodaiwa."

"Mama, mkuu wa mafundi alinipigania nipelekwe mafunzoni. Nikianza kumpigia hesabu ataniona sina shukrani."

"Mshukuru. Mshukuru ukurasa mzima ukitaka. Ila aibu yako usinilipishe mimi."

Fundi aliandika upya palepale, kwenye kona ya meza ya kukatia vitambaa. Mkataba hakuuficha, aliutaja kwa tarehe yake na kusema atautimiza. Aliomba hesabu ya miezi iliyobaki kwa maandishi, pamoja na nakala za stakabadhi. Wakikubaliana kiasi, atalipa kidogo kidogo kila mwezi. Aliomba mshahara wa mwisho usikatwe kabla ya pande zote mbili kusaini makubaliano, na deni likiisha wampe barua ya kumwachia huru yeye na mdhamini wake. Mama mdogo alikuta "samahani" tatu, akafuta mbili.

Asubuhi yake alishuka kwenye ofisi ya mafundi, chini kabisa ya jengo. Mkuu wa mafundi alisoma amesimama.

"Hii kakuandikia wakili?"

"Nimeandika mwenyewe. Mama mdogo alikuwa kanisimamia."

"Mdhamini."

"Ndiye."

Mkuu alicheka kidogo, bila furaha. "Hesabu wataileta utawala. Sina ugomvi na hilo, ndivyo mkataba unavyosema." Akasaini kwenye nakala kwamba amepokea, akaweka tarehe. Fundi akainuka.

"Kaa kwanza. Yale mafunzo, unajua nani alikuwa aende?"

Alijua. Babu, fundi mwenzao, waliyemwita hivyo kwa mvi zake tu.

"Nilimwambia, Babu, mpishe kijana, tunataka mtu atakayekaa." Mkuu alikunja barua mara mbili. "Hilo halimo kwenye mkataba, wala sitakudai. Lakini kamwambie wewe. Mimi sina uso wa kumtazama."

Babu alikuwa juu, kwenye chumba cha mashine, anafuta grisi mikononi. Fundi alimwambia akiwa bado mlangoni, asije akabadili nia. Babu aliendelea kufuta kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo unaenda kwa mama watoto."

"Ndiyo, kaka."

"Miezi miwili, ee?"

"Miwili."

"Utanifundisha?"

"Kila siku. Kama unataka."

"Nilitaka tangu wakati ule, bwana." Alitupa kitambaa kwenye ndoo. "Anza na hilo sanduku la kuendeshea milango. Hilo hunichezea shere kweli."

Fundi aliharakisha kupiga magoti mbele ya sanduku na kushika skrubu ya kwanza, akishukuru kupata pa kuuficha uso.

"Umeme," alisema Babu nyuma yake, taratibu. "Zima umeme kwanza."