Ng'ombe wa Mama Mkwe

Uongo wa kinyozi ulivaa nguo ya heshima, na ndiyo maana watu waliupisha mlangoni.

Nyuma ya mtaa wao, ng'ambo ya kijito, kulikuwa na malisho ya wote. Hayakuwa na mwenyewe wala mlinzi. Yalikuwa na lango moja la miti karibu na bomba la maji, na familia kumi na mbili zilizoyatumia. Kila familia ilipeleka ng'ombe wawili. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo. Ilikuwa hivyo tu tangu zamani, jinsi watu wanavyojua nani hukaa benchi gani. Ng'ombe ishirini na wanne walikula upande huu, nyasi zikaota upande ule, na maisha yakaenda.

Siku moja kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha jirani yake, fundi cherehani, mkasi ukasimama hewani. Alikuwa amepiga hesabu ikamshangaza mwenyewe. Akileta ng'ombe wa tatu, maziwa yote ya ng'ombe huyo yataingia nyumbani kwake. Nyasi atakazokula, je? Hizo zitapungua kwa familia kumi na mbili, kila moja kidogo tu, kiasi ambacho hata mbuzi hawezi kukigundua. Maziwa yangu, hasara yetu sote, akajisemea, na akatabasamu kwenye kioo.

"Mbona umesimama?" fundi cherehani aliuliza. "Umeniacha nusu nusu kama mwezi."

"Samahani. Nilikuwa nawaza mambo ya familia."

Wiki ile ile akaja na ng'ombe mwekundu aliyetoka kuzaa. Langoni wenzake wakamzunguka. Wa tatu huyu wa nini?

"Si wangu," kinyozi alisema, akiinamisha macho kama mtu aliyebebeshwa mzigo. "Ni wa mama mkwe. Kwao majani yamekwisha. Sasa nyie niambieni, mama mkwe unamjibu vipi?"

Wakasogea kando. Ng'ombe mwekundu akapita.

Kwa mwezi mzima kinyozi alikuwa mtu mwenye furaha. Wawili walikuwa wakimpa lita kumi kwa siku. Watatu wakampa kumi na tano kasoro kidogo. Alinyoa huku akipiga mluzi. Kisha asubuhi moja alimkuta fundi cherehani langoni na ng'ombe mweusi mwenye pembe moja.

"Wa mama mkwe," fundi alisema kabla hajaulizwa.

Kinyozi angeweza kusema nini? Baada ya fundi akafuata mwashi, naye aliguswa na shida za mama mkwe wake ghafla sana. Muuza mkaa alikuwa na bahati ya kuwa na mama mkwe na shangazi wa mkewe, kwa hiyo akaleta wawili. Kiangazi kilipofika, ng'ombe pale walikuwa arobaini na mmoja, na kumi na saba kati yao walikuwa wa wakwe. Mtu mgeni angedhani mtaa ule unaheshimu wakwe kuliko mtaa wowote duniani.

Malisho hayakujali heshima. Nyasi hazikupata tena muda wa kuota nyuma ya midomo. Zilitafunwa zingali kama ndevu za jana, halafu zikang'olewa na mizizi. Kwato zikaukandamiza udongo ukawa mgumu kama sakafu. Yakatokea mabaka meupe, na kwenye mabaka yakaota magugu ya miiba ambayo ng'ombe huyaangalia tu na kupita. Mvua moja ya nje ya msimu ilipopiga, maji hayakuingia ardhini. Yaliteremka moja kwa moja kijitoni yakiwa mekundu, yamebeba udongo.

Aliyeona yote haya kwa tarakimu alikuwa mke wa kinyozi. Yeye alifanya kazi kwenye kituo cha kukusanya maziwa: alipokea ndoo, akapima maziwa kama yametiwa maji, akayamimina kwenye pipa kubwa la bati na kuandika lita ubaoni kwa chaki.

"Leo mtaa mzima umeleta lita sitini," alimwambia mumewe jioni. "Mwaka jana, mwezi kama huu, mia na ishirini. Ng'ombe wameongezeka, maziwa yamepungua kwa nusu. Wewe mwenyewe watatu wamekupa sita. Ulipokuwa na wawili ulipata kumi."

"Najua."

"Basi mtoe mmoja."

"Nimtoe?" Kinyozi alikasirika kama mtu aliyeambiwa anyoe nyusi zake. "Nikimtoa wangu, majani yake yataliwa na yule pembe moja wa fundi. Nitakuwa nimemnenepeshea fundi ng'ombe!"

"Na fundi anasemaje?"

"Anasema hivyo hivyo kuhusu mimi."

"Aisee," mkewe alisema. "Mtaa mzima hauna mjinga hata mmoja, na wote mnakonda."

Wakaitisha kikao kituoni, wamekaa juu ya mapipa yaliyopinduliwa. Walikubaliana kwa kauli moja kwamba ng'ombe wamezidi. Walikubaliana pia kwamba wapunguzwe. Ilipoulizwa nani aanze, kila mtu akamwangalia mwenzake, mwashi akakohoa, na muuza mkaa akakumbuka kwamba ameacha moto unawaka. Kikao kikaisha kwa kupongezana.

Mke wa kinyozi alifuta ubao wake taratibu. Kisha akatoka nje na kumpigia simu mama yake.

Mama mkwe alifika siku ya tatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyefanya kazi ya kusimamia josho miaka thelathini, akihesabu ng'ombe wakiruka mmoja mmoja kwenye maji ya dawa. Hakuna aliyewahi kumpitishia mmoja zaidi. Alishuka na mkoba wake, akakataa kupumzika, akamwambia mkwewe mbele ya wateja watatu waliokuwa wakisubiri kunyolewa:

"Mwanangu, nimesikia nina ng'ombe hapa. Nimekuja kumwona."

Kinyozi akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa akiangalia dari.

Wakaenda wote, na wale wateja nyuma yao, mmoja na povu shingoni. Langoni mama mkwe akamzunguka yule mwekundu, akamshika mbavu, akamfungua mdomo.

"Huyu ndiye wangu?"

Fundi cherehani alikuwa pale. Mwashi alikuwa pale. Kinyozi akapiga hesabu haraka. Akisema "ndiyo", ng'ombe amekwenda. Akisema "hapana", mtaa mzima utajua kwamba alidanganya tangu mwanzo.

"Ndiye, mama," alisema kwa sauti iliyotokea mbali.

"Mbona amekonda hivi? Ndivyo mnavyotunza mali za watu? Namrudisha nyumbani."

Jioni ile ng'ombe mwekundu akapandishwa kwenye lori. Kinyozi alimshika kamba mwenyewe, kwa heshima zote, huku moyo ukimuuma kama jino.

Kesho yake asubuhi fundi cherehani alikuja dukani kwa kinyozi. Alimpa pole. Akavuta kiti. Akainama karibu na sikio lake.

"Sasa jirani, kwa kuwa pale pamepatikana nafasi ya mmoja, kuna shemeji yangu ana mtamba..."

Kinyozi alikamata wembe, halafu akauweka chini polepole. Lakini mama mkwe, ambaye walidhani anasinzia kwenye kiti cha wateja, alifumbua jicho moja.

"Umeona?" alimwambia mkwewe. "Ukitoa peke yako, umempisha huyu. Sikuwa na shida na ng'ombe wako. Nilitaka ulione hilo kwa macho yako." Kisha akamgeukia fundi. "Na wewe, yule pembe moja ni wa mama mkwe wako, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Anampenda sana."

"Anampenda kutokea wapi? Tulimzika pamoja mwaka juzi, mimi na wewe tukiwa makaburini."

Fundi alitoka bila kuaga.

Mama mkwe hakuondoka siku ile, wala wiki ile. Kila mteja aliyekaa kunyolewa aliulizwa mama mkwe wake anaishi wapi na namba yake ya simu ni ipi, huku mkwe wake kashika wembe na yeye kashika kalamu. Habari zikaenea. Wakwe wawili wa kweli wakafika na mikoba yao kudai mali zao. Mmoja aliondoka na ng'ombe wa mwashi, akishukuru sana. Baada ya hapo wengine hawakungoja. Ng'ombe wa wakwe wakaanza kuuzwa mmoja mmoja, kila mwenye ng'ombe akiapa kwamba mkwe mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo.

Lakini mama wa josho hakuwaamini. "Leo mmeogopa," aliwaambia kwenye kikao cha pili, amesimama juu ya pipa ili aonekane. "Woga huisha. Hesabu haiishi. Majani yakirudi, mtu atapiga tena hesabu ile ile kichwani, na atakuwa hajakosea, kwa upande wake. Wekeni utaratibu ambao kila mtu anauona."

Walibishana hadi maziwa yakataka kuchacha. Mwisho walikubaliana: wawili kwa familia, na wawili hao watobolewe sikio na kutiwa pini yenye namba. Lango moja, na kila asubuhi familia moja kwa zamu isimame kuhesabu wanaopita na kuandika kwenye ubao wa kituo, watu wote wasome. Nusu ya malisho ifungwe kwa miiba ipumzike. Atakayezidisha mara ya kwanza, maziwa ya siku yanagawiwa wenzake. Mara ya pili, ya wiki. Mara ya tatu, ng'ombe wake wote wanakaa nje ya lango msimu mzima.

"Na wakwe?" aliuliza muuza mkaa.

"Wakwe waje wenyewe, wale majani," mama alisema, na kikao kikavunjika kwa kicheko.

Nyasi hazikurudi kwa kicheko. Msimu wa kwanza wa mvua ziliota kwa aibu, pembezoni tu. Mabaka yaliyokauka ilibidi yalimwe kwa majembe na kupandwa, na wanaume waliokuwa wajanja sana na hesabu za kichwani wakapata malengelenge mikononi. Msimu wa pili kijito kikaanza kupitisha maji meupe. Ubao wa kituo ukasoma tisini, halafu mia na tano.

Asubuhi moja ilikuwa zamu ya kinyozi langoni. Fundi cherehani akaja na ng'ombe wake wawili wenye pini, na nyuma yao jike mwingine mweusi, mnene, anayetembea kama bibi harusi.

"Watatu," kinyozi alisema.

"Wawili na ndama."

"Ndama? Huyu ana matiti kuliko mama yake!"

"Mbele ya mama yake, mtoto ni mtoto," fundi alisema. "Mimi nina miaka hamsini, na nyumbani bado naitwa kijana."

Foleni ya ng'ombe ikajaa nyuma yao hadi kwenye bomba la maji. Mwashi akasema ndama ni wa kunyonya. Muuza mkaa akasema ndama ni hadi aote pembe. Mmoja akataka apigiwe simu mama mkwe, wengine wote wakapaza sauti pamoja kumkataza. Jua likapanda. Ng'ombe wakachoka kungoja, wakaanza kutafuna ua wa miiba, na watu kumi na wawili wakaendelea kubishana ndama huacha kuwa ndama lini, hadi wakapata jibu lililomkera kila mmoja kwa kiasi sawa: akiachishwa ziwa, anahesabiwa.

Fundi akamgeuza binti wa ng'ombe wake na kumrudisha nyumbani, akinung'unika njia nzima. Kinyozi akaandika namba mbili ubaoni, kwa chaki, kubwa kuliko ilivyohitajika.