Mtoto Anayeongea Kama Wakili

Mhariri alipiga mstari mwekundu chini ya maneno ya msichana wa riwaya yangu: “Nina hofu, kwani nyumba yetu imepoteza amani.”

“Huyu ana miaka mitano au ni wakili?” akauliza. “Mtoto haelezi hofu yake, dada. Anasema anachokiona na anachotaka. Nenda kamsikilize mtoto akicheza.”

Nilitoka ofisini kwake nimefura. Mama mzima nifundishwe watoto! Hata hivyo, jioni ile nilikaa kitandani na daftari, nikatega sikio ukutani. Chumba cha pili, binti yangu alikuwa akimlaza mwanasesere wake.

“Usilie. Viatu vya baba vikilia kwenye ngazi, fumba macho. Usipumue kwa nguvu. Mama pia anajifanya amelala. Nataka twende kwa bibi.”

Miaka yote nilijidanganya kwamba hajui kitu.

Niliandika kila neno kama lilivyotoka. Wino haujakauka, viatu vikalia kwenye ngazi. Ng'ambo ya ukuta, binti yangu akanyamaza ghafla.

Nikaficha daftari chini ya mto, nikafumba macho.